"Naomba namba ya wateja wa mwaka jana": uulize, au ukisie?

Ujumbe wenyewe huwa mfupi hivi: "Habari za asubuhi. Naomba namba ya wateja wetu wa mwaka jana. Asante." Umetoka kwa meneja wa mauzo, umeingia kwa mtu wa takwimu, na hauna kingine. Haukusema namba inakwenda wapi, inatakiwa lini, wala "mteja" ni nani. Anayeupokea ana njia mbili za haraka, na zote zina gharama. Akirudisha maswali sita, meneja anachoka na kazi inalala. Akikisia kimyakimya, namba inaingia kwenye slaidi ikiwa na maana ambayo hakuna aliyeikubali.

Tuufuate ujumbe huu mmoja hadi mwisho, maana ndani yake mna karibu kila kitu kinachofanya ombi la data liwe gumu. Tuseme umefika Februari 2025, na kampuni inauza bidhaa kwa oda. Hifadhidata ina jedwali la `wateja`, lenye kila aliyejisajili, na jedwali la `oda`, lenye kila ununuzi na hali yake. Namba zote zitakazotajwa hapa ni za mfano.

Kwanza, tenganisha utata ulio wa mwombaji na utata ulio wako. Kuna mambo ambayo ni yeye tu anayeyajua: kama anataka waliojisajili au walionunua, kama mwaka ni wa kalenda au wa fedha. Kuna mengine ambayo ni ufundi mtupu, na kumuuliza ni kumtwisha mzigo usiomhusu. Mfano mzuri ni tarehe. Ukiandika `BETWEEN '2024-01-01' AND '2024-12-31'` kwenye safu inayohifadhi tarehe pamoja na saa, utapoteza karibu siku nzima ya tarehe 31 Desemba, kwa sababu mpaka wa mwisho unasomwa kama saa sita kamili usiku, siku hiyo inapoanza. Oda ya saa nne asubuhi inabaki nje. Hapo hakuna cha kuuliza wala kukisia: andika tarehe iwe kabla ya `'2025-01-01'` na uendelee. Vivyo hivyo kwa seva inayoandika saa za kimataifa za UTC wakati ofisi iko saa tatu mbele. Oda iliyoingia saa nane usiku wa kuamkia mwaka mpya itahesabiwa kwenye Desemba. Rekebisha, usimsumbue mtu.

Ukishayaondoa hayo, maswali yaliyobaki ni machache kuliko yalivyoonekana mwanzoni. Kwa ujumbe wetu yamebaki manne: aliyejisajili au aliyenunua, mwaka wa kalenda au wa fedha, aliyerudishiwa fedha zake zote anahesabiwa au la, na mtu mwenye akaunti mbili ni mteja mmoja au wawili.

Wengi wanakosea hapa kwa kuyatuma yote manne. Wanadhani kila kisichoeleweka kinastahili swali. Kipimo chenye manufaa ni kikali zaidi: swali linastahili kuulizwa pale tu ambapo majibu yake tofauti yangekufanya utume kitu tofauti. Na kwenye data, mara nyingi unaweza kulijua hilo kabla ya kuuliza. Unahesabu kwa kila tafsiri, kisha unatazama.

```sql
SELECT
  COUNT(*) AS idadi_oda,
  COUNT(DISTINCT mteja_id) AS wanunuzi,
  COUNT(DISTINCT CASE WHEN hali = 'imelipwa'
        THEN mteja_id END) AS bila_marejesho
FROM oda
WHERE hali IN ('imelipwa', 'imerudishwa')
  AND tarehe >= '2024-01-01'
  AND tarehe <  '2025-01-01';
```

Amri hiyo inachukua dakika chache kuandika, na inatoa namba tatu kwa mpigo. Tuseme oda ni 29,730, wanunuzi ni 12,480, na ukiwaondoa ambao kila oda yao ilirudishwa wanabaki 12,190. Badilisha tarehe ziwe za mwaka wa fedha, Julai 2023 hadi Juni 2024, unapata wanunuzi 11,950. Rudi kwenye mwaka wa kalenda, unganisha akaunti zenye namba moja ya simu, unapata 12,170. Mwisho hesabu waliomo kwenye jedwali la `wateja`: 41,200.

Sasa tazama. Marejesho ya fedha yanasogeza namba kwa asilimia 2 na kidogo. Akaunti pacha ni kiasi hichohicho. Mwaka wa fedha ni kama asilimia 4. Tafsiri hizi zote zinasema "wateja elfu kumi na mbili hivi". Lakini tofauti kati ya aliyejisajili na aliyenunua ni zaidi ya mara tatu. Ukichagua vibaya hapo, meneja atasimama mbele ya watu na namba ambayo haifanani hata kidogo na aliyoikusudia. Kati ya maswali manne, moja tu lina uzito, na hukulijua kwa kufikiri. Umelijua kwa kuhesabu.

Kuna tahadhari moja. Asilimia 2 ni ndogo au kubwa kulingana na mahali namba inapokwenda. Kwa sentensi ya utangulizi kwenye ripoti, haina maana. Kwa kulipa kamisheni ya kila mteja mpya, au kwa hesabu ambazo mkaguzi atazipitia, wateja 290 ni ugomvi kamili. Ndiyo maana swali bora kuliko yote mara nyingi haligusi kabisa maana ya "mteja". Linauliza namba inakwenda kufanya nini. "Ni ya maombi ya mkopo" inajibu mambo matatu kwa wakati mmoja: walionunua, mwaka wa fedha, marejesho yatolewe, kwa sababu namba itawekwa ubavuni mwa hesabu za mhasibu. "Ni ya kununua kifurushi cha ujumbe mfupi" inapindua kila kitu: wote waliojisajili, bila kujali walinunua lini, na akaunti pacha lazima ziunganishwe ili mtu asipokee ujumbe mara mbili. Ukiuliza maana unafungua mlango mmoja. Ukiuliza matumizi unafungua nyumba nzima.

Wapo wakubwa wasiopenda kuulizwa "ya nini?", wakasikia kama wanahojiwa. Maneno yanasaidia: "Bosi, inaingia kwenye ripoti ipi, ili niipange ilingane na namba zilizomo?" Hapo swali limekuwa huduma, na jibu ni lilelile.

Kabla ya kulituma hata hilo, tumia dakika kumi kutafuta, kwa sababu sehemu kubwa ya muktadha unaokosekana kwenye ujumbe upo mahali pengine. Ripoti ya mwaka uliotangulia ndiyo ya kwanza kufunguliwa. Kama ilisema "wateja 10,900" na ukihesabu wanunuzi wa 2023 kwa kalenda unapata 10,900 hasa, umepata tafsiri iliyokuwa ikitumika bila kumsumbua mtu. Ukipata 10,640 baada ya kutoa marejesho na 10,900 kabla ya kuyatoa, unajua pia kwamba mwaka ule marejesho hayakutolewa. Namba ya zamani inafanya kazi ya ufunguo: unajaribu tafsiri moja moja hadi moja ifunguke. Angalia pia ujumbe uliotangulia huo, nani wengine wamenakiliwa, na kama kuna kikao wiki hiyo. Mhasibu akiwa amenakiliwa, ni dalili ya mwaka wa fedha. Akiwa mtu wa matangazo, ni dalili nyingine kabisa.

Ufunguo huo una mipaka yake. Inawezekana tafsiri ya mwaka jana ilikuwa mbovu, kwa mfano mtu aliwahesabu hata waliorudishiwa fedha zao zote. Ukiigundua, usiibadilishe kimya kimya. Meneja akiweka 10,900 ya zamani kando ya 12,190 ya hesabu mpya, ukuaji anaoutangaza utakuwa umepunguzwa na mabadiliko ya kanuni ambayo hayajui. Kwa namba zitakazolinganishwa, kanuni moja miaka yote miwili ni muhimu kuliko kanuni nzuri mwaka mmoja.

Tuseme umetafuta na hukupata. Sasa ndipo kuuliza au kukisia kunakuwa hesabu ya kweli, na hesabu yenyewe si ngumu. Inahitaji vitu vitatu: una uhakika kiasi gani, kurudia kazi kutagharimu muda gani, na jibu litachukua muda gani kufika. Kwa ombi letu, kazi ni ya dakika 20. Tuseme unaamini kwa nafasi 8 kati ya 10 kwamba anataka walionunua. Ukikisia, hasara unayoitarajia ni mbili ya kumi ya dakika 20, yaani dakika 4. Ukiuliza na meneja yuko kikaoni hadi alasiri, umepoteza saa kadhaa za kalenda. Kisia. Lakini ombi likiwa "naomba uchambuzi wa wateja wa mwaka jana", kazi ya siku mbili, na uhakika wako ni 6 kati ya 10, hasara unayoitarajia ni nne ya kumi ya saa 16, zaidi ya saa sita. Hapo hata kusubiri hadi kesho asubuhi ni nafuu.

Watu wenye ujuzi hawaketi na kikokotoo kwa kila ujumbe, bila shaka. Wanapima kwa haraka: kazi fupi, kisia, kazi ndefu, uliza. Kinachowaponza ni kusahau kwamba hesabu hiyo inachukulia kwamba kosa linaweza kurekebishwa. Ikiwa haliwezi, hesabu yote inaanguka.

Tuseme meneja yuleyule anaandika: "Wale wateja wa zamani tuwaondoe kwenye orodha." Kazi ni ya dakika mbili. Unaweza kuwa na uhakika wa 9 kati ya 10 kwamba "kuondoa" ni kuacha kuwatumia matangazo. Bado usifute kitu kwa makisio, kwa sababu ile moja iliyobaki inabeba historia ya oda, madeni na namba za simu ambazo haziandikwi upya. Na kama alikusudia kufuta kweli, huenda kuna rekodi ambazo kampuni inatakiwa kuzitunza kwa miaka kadhaa kwa ajili ya kodi. Ufupi wa kazi hapa unadanganya. Kinachopimwa ni urefu wa njia ya kurudi.

Hata hapo, hulazimiki kukaa mikono mitupu ukisubiri. Mara nyingi ipo hatua inayofaa kwa tafsiri zote na inayorudi nyuma kirahisi. Ongeza safu ya `amepumzishwa`, iwekee alama kwa ambao hawajanunua tangu tarehe fulani, na orodha ya matangazo iwaruke wenye alama. Kisha andika: "Nimewasimamisha 8,300 wasipokee matangazo, ni wale wasionunua tangu Januari 2023. Hakuna kilichofutwa. Ukitaka wafutwe kabisa, niambie." Umekisia, umeuliza na kazi imesogea, vyote kwa ujumbe mmoja.

Sasa namna ya kuandika swali lenyewe, maana swali zuri likiandikwa vibaya linarudi na jibu lisilosaidia. Kosa la kwanza ni lugha. Ukimuuliza meneja wa mauzo, "Unataka nihesabu `DISTINCT` au niache?", atajibu "ndiyo", na hapo hujui ndiyo ipi. Kosa la pili ni swali lililo wazi mno: "Unamaanisha nini kwa wateja?" Jibu la kawaida ni "wateja wetu wote", na umerudi ulipoanza. Lipe swali umbo ambalo linajibika kwa neno moja akiwa anatembea kwenye korido:

"Bosi, nimepata namba mbili. Walionunua mwaka jana ni 12,480. Waliojisajili wote, hata wasionunua, ni 41,200. Nadhani unahitaji ya kwanza. Nisipokusikia hadi saa tisa alasiri, nitaiweka hiyo kwenye ripoti."

Hapo mna tafsiri mbili kwa lugha yake, namba zake, makisio yako na saa. Ile saa ina kazi mbili: inampa nafasi ya kukataa, na inakuzuia wewe kuacha ombi likining'inia hadi wiki ijayo. Isipokuwa kwa mambo yasiyorudi, kwa hakika. Usiandike kamwe "nisipokusikia nitafuta". Na zisizidi namba mbili. Ukimpa tano umemrudishia kazi uliyoombwa uifanye, naye atachagua iliyo kubwa.

Ipo njia nyingine ya kuuliza ambayo ni rahisi mno na wengi hawaitumii: muulize anatarajia kama ngapi. "Unakumbuka mwaka juzi ilikuwa kama ngapi hivi?" Akisema "elfu kumi, kumi na moja", anafikiria wanunuzi. Akisema "tulishapita elfu thelathini", anafikiria waliojisajili. Hajui tofauti ya majedwali yako, lakini matarajio yake yameijibu. Hatari iko upande wako: ukishasikia namba anayoitaka, unaweza kujikuta unatafuta tafsiri inayoifikia. Tumia jibu lake kuchagua tafsiri, kisha iache tafsiri itoe namba yake yenyewe, hata kama haitampendeza.

Njia hizi zote hupungua nguvu pale ombi linapopitia mikono ya watu. Ujumbe umetoka kwa katibu, aliyeambiwa na mkurugenzi, aliyeulizwa na mtu wa nje. Ukimuuliza katibu hana jibu. Atapeleka swali juu, litafika likiwa limekatwa, na jibu litashuka likiwa limekatwa tena. Kwenye mnyororo wa namna hii kuuliza ni ghali kuliko inavyoonekana, kwa hiyo mizani inaelemea kukisia, ila makisio lazima yasomeke na mtu ambaye hujawahi kuzungumza naye. Hapa ndipo namba mbili zenye maelezo kamili zinafaa zitumwe moja kwa moja, bila kusubiri.

Na ukikisia, makisio yaandikwe wapi? Hili ndilo linaloharibika mara nyingi kuliko uchaguzi wenyewe. Watu wema huandika namba juu, na chini ya ukurasa wanaweka tanbihi: "Imehesabiwa kwa walionunua angalau mara moja." Meneja anakopi namba, tanbihi inabaki. Wiki mbili baadaye slaidi inasema "wateja 12,480 waliojisajili mwaka jana", na kila neno baada ya namba ni la kubuni. Dawa ni kuifunga maana ndani ya sentensi ileile ya namba, kiasi kwamba anayeikopi hawezi kuiacha bila kuikata kwa makusudi: "Watu 12,480 walinunua angalau mara moja kati ya 1 Januari na 31 Desemba 2024, wakiwemo waliorudishiwa fedha." Kwenye Eksel, maana iingie kwenye kichwa cha safu. "Wateja" peke yake hakisemi kitu. "Walionunua 2024" kinasema. Jina la faili nalo libebe hivyo hivyo.

Makisio madogo, yale ya asilimia 2, hayahitaji kelele kiasi hicho. Ukiyataja yote kwa uzito sawa, lile kubwa linazama katikati yao. Taja moja kubwa kwenye sentensi ya namba, na mengine yaache kwenye maelezo ya amri uliyoihifadhi. Na uihifadhi kweli, pamoja na tarehe uliyoiendesha, kwa sababu data inasogea. Oda ya Desemba ikirudishwa mwezi Machi, hali yake inabadilika, na ile 12,190 huenda isipatikane tena hata ukiendesha amri ileile.

Dalili kwamba umekisia vibaya huwa hazisemi "umekosea". Huja kama mshangao mdogo: "Mbona ni ndogo hivi?" au "Hii ni tofauti na ya mhasibu." Usianze kwa kuitetea namba. Uliza ile nyingine imetoka wapi, ihesabu kwa data yako mwenyewe, na tofauti ikikaa sawasawa kwenye mojawapo ya tafsiri ulizokwisha kuziona, umeipata sababu kwa dakika tano. Tofauti ya 530 kati yako na mhasibu? Toa 11,950 kwenye 12,480. Ni mwaka wa fedha.

Mshangao ukikosekana kabisa, usichukulie kwamba ulipatia. Asante ya haraka mara nyingi ina maana kwamba namba haijasomwa bado. Kwa kazi iliyo na uzito, fungua ripoti ya mwisho ilipotoka na uisome sentensi iliyobeba namba yako. Ikiwa maneno yanayoizunguka si yale uliyoyaandika, huo ndio wakati wa kupiga simu, kabla ripoti haijachapwa.

Mwaka ujao ombi lilelile litakuja, pengine kwa maneno machache zaidi. Kwa hiyo jibu la meneja, hata likiwa neno moja tu, linakiliwe juu ya amri pale ilipohifadhiwa: `-- mteja = aliyenunua, mwaka wa kalenda, marejesho ndani; amethibitisha meneja wa mauzo, Februari 2025`. Mstari huo ndio utakaosomwa na mtu atakayekalia kiti chako, anayefungua ujumbe usio na muktadha wowote, na bosi yuko kikaoni.